Mguu Uliovunjika Ndani ya Simu

Micheline Lotika wa Lubunga, ule upande wa Kisangani ulio ng’ambo ya mto, alikuwa na mikono mirefu. Watu husema mirefu, lakini hawajui wanasema nini. Akiwa amelala kitandani aliweza kufunga mlango wa jiko, na jiko lenyewe liko uani. Siku aliyozaliwa, mkunga alimpokea, akamfunga kanga, akaanza kumngoja pacha wake. Kumbe hakuna pacha, ni mkono wa kushoto tu ulikuwa bado uko njiani.

Basi kwa mikono hiyo aliwekwa golini, katika handball, ule mpira wa kurushwa kwa mikono. Kwa miaka mitatu timu ya wasichana ya mkoa haikuwa na kipa wa kwanza mwingine. Jezi namba moja ilikuwa yake, na nyumbani ilifuliwa peke yake, ndani ya beseni yake, kama nguo ya padri.

Mwaka huo Micheline alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko darasa la mwisho, mwaka wa Exetat, ule mtihani wa serikali ambao asiyeupita anarudia mwaka mzima na kukaa benchi moja na wadogo zake. Insha ya mtihani alikuwa amekwisha kuiandika mapema. Zilibaki siku nne za maswali, Jumatatu tarehe 17 Juni mpaka Alhamisi tarehe 20.

Sasa sikia. Coach Sylvain alitangaza kambi. Wachezaji wote wa mkoa wafungiwe kwa masista, nje ya mji, kuanzia Jumamosi tarehe 8 mpaka Jumapili tarehe 23, kisha ndege, kisha Kinshasa, kisha mashindano ya nchi nzima. Sheria yake ilikuwa moja: asiyelala kambini halali kwenye hoteli ya Kinshasa. Makipa ni wawili tu. Liste ya majina inapelekwa kwenye ligi Jumatatu tarehe 3, saa sita ya mchana, na ikishapelekwa, hata mtu akigeuka malaika, jina lake haliingii tena.

Na Jumamosi hiyohiyo ya tarehe 8, kule Isangi, familia ilikuwa iondoe matanga ya koko.

Koko huyo, mama ya mama yake, naye aliitwa Micheline. Msichana alipewa jina lake, kwa hiyo alikuwa ndoyi yake. Koko alipokufa, watu wote wa nyumba walijifunga kitambaa cheusi mkononi. Mwaka ukiisha wanakutana, wanakwenda mtoni, wanavua kitambaa, wanaoga, wanakula, wanacheza. Katika familia ile anayevua kwanza ni ndoyi. Ndoyi asipokuwepo, hakuna anayevua. Kuna nyumba moja chini ya mto, ndoyi wao alikwenda Kinshasa kununua baiskeli, akakawia miaka sita. Watu walikaa na cheusi chao wakingoja. Watoto wa miaka ile walizaliwa kitambaa kikiwa kimeshafungwa mkononi.

Kwa hiyo Alhamisi tarehe 30 Mei Micheline alikaa uani na simu mkononi, hajui aanze wapi. Mama yake alikuwa ametangulia Isangi kutafuta mihogo na samaki wa karamu. Pale uani alikuwa tantine Bijou tu, mdogo wa mama, anafunga liboke ya samaki ndani ya majani na kufunga pamoja nayo mambo ya watu wote wa Lubunga.

“Unamuandikia nani na umekunja uso hivi?”

“Coach. Ninamuambia kama sitafika kwenye kambi. Matanga, na kisha Exetat.”

Tantine Bijou aliweka jani chini. “Matanga ya nani?”

“Tantine, ya koko! Ya mama yako!”

“Ninajua ni ya mama yangu. Ninauliza kama coach. Atasema: ule mama alikufa mwaka jana, sasa anawaita tena ya nini?”

Hapo hakusema uongo. Coach Sylvain alikuwa na daftari la shule, la kurasa mia, ambamo aliandika kila mfu aliyeletwa kwake kama sababu. Mchezaji mmoja wa pembeni alimzika bibi yake mara nne kwa misimu miwili. Mazishi ya tatu yalikuwa siku ya fainali, na bibi mwenyewe alikuwa jukwaani anapiga vigelegele. Tangu pale coach, akiambiwa matanga, aliuliza jina, akafungua daftari, akatafuta kama mtu huyo amekwisha kufa.

“Na Exetat?” alisema Micheline. “Exetat ni ya serikali.”

“Kila mwaka wanamuambia Exetat. Hata wale wa darasa la tatu. Mutoto yangu, ukweli yako iko kweli, lakini iko na baridi. Inaomba tuitie moto kidogo. Andika papa amevunjika muguu.”

“Papa iko muzima!”

“Ndiyo maana haitamuumiza.”

Micheline alikataa. Alikataa mara ya pili. Mara ya tatu alikumbuka jezi ndani ya beseni yake, akaanza kubonyeza. Tantine Bijou alisimama nyuma ya bega lake na vidole vyenye mafuta ya mawese, anaongeza. Mguu mmoja ulionekana mdogo, ukavunjika mahali pawili. Kisha ikahitajika sababu, wakaweka pirogue, mtumbwi wa kuchonga. Kisha pirogue peke yake ikaonekana imesimama tu bure, wakaweka kiboko. Ikawa hivi:

“Bonjour coach. Siwezi kuja kambini. Papa amevunjika muguu juu na chini, alianguka ndani ya pirogue, kiboko alikuwa karibu. Daktari anasema nimulinde mwezi moja. Pardon.”

Akatuma. Jibu lilirudi kabla liboke moja haijafungwa: “Pole sana, mutoto. Courage kwa papa.”

“Umeona?” alisema tantine Bijou. “Ukweli ingekawia siku mbili.”

Kosa lao lilikuwa moja, na ni ajabu kwamba watu wawili waliozaliwa Kisangani walilisahau. Mgonjwa hapa haachwi peke yake. Ukisema mtu ameumwa, watu wanakuja kumuona. Ukisema mguu umevunjika mahali pawili, wanakuja mara mbili.

Jumamosi tarehe mosi Juni coach Sylvain alivuka mto na wachezaji sita, mkungu wa ndizi, bandeji tano na chupa ya dawa ya kuchua. Walishuka upande wa Lubunga. Pale ukingoni palikuwa na mwanamume mmoja anapanda kilima na gunia la makala, makaa ya kupikia, mgongoni, gunia kubwa hivi kwamba lilikuwa na kivuli chake na watu wawili wamekaa chini ya kivuli kile wanakunywa maji.

“Papa, bonjour,” coach alisema. “Tunatafuta nyumba ya papa Hubert Lotika. Ule aliyevunjika muguu.”

Mwanamume alisimama. Gunia nalo lilisimama.

“Papa Hubert Lotika ni mimi.”

Coach alimtazama mguu wa kulia. Akatazama wa kushoto. Akarudi kwenye wa kulia, asije akawa amepita haraka.

“Umevunjika lini, papa?”

“Bado sijavunjika,” alisema papa Hubert. “Lakini kama ni lazima, acheni kwanza nifikishe makala.”

Akauona mkungu wa ndizi, akawaonea huruma vijana, akautia juu ya gunia, akatangulia kuwaonyesha njia. Hivi ndivyo mgonjwa alivyobeba mwenyewe ndizi za kumpa pole.

Micheline alikuwa anafagia. Alipoona baba yake anaingia na mzigo ule, na nyuma yake coach na nusu ya timu, ufagio ulimponyoka. Kipa wa mkoa, aliyeshika penalti kumi na moja msimu ule, alishindwa kushika ufagio.

Tantine Bijou ndiye aliyefungua kinywa. “Ah, coach, karibu! Umeona dawa ya majani ya kwetu? Alhamisi mufupa ulikuwa inje. Leo, angalia!”

“Ninaangalia,” alisema coach.

“Na kiboko naye amepona?” aliuliza mchezaji mmoja. Wenzake wakatazama miguu yao wenyewe.

Papa Hubert hakuelewa kitu, lakini wageni ni wageni. Aliwakalisha, akaamuru samaki, akauliza habari za mto kule ng’ambo, kana kwamba ni mto mwingine. Coach alikula polepole, akasifu chumvi, akanawa mikono. Kisha alitoa daftari lake, akaandika mstari mmoja, akalifunga. Bandeji aliziacha mezani. Mlangoni alimwita Micheline.

“Nilisoma message moja yenye ilitoka ku simu yako,” alisema, bila kupandisha sauti. “Yako wewe, ningali naingoja. Jumatatu saa sita ninapeleka liste.”

Akashuka kilima. Micheline aliuokota ufagio. Kama coach angempigia kelele, angejua la kufanya, maana kelele alikuwa amezizoea golini.

Papa Hubert alielezwa yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akakanda goti lake la kulia, labda kwa kuhakikisha.

“Bijou, wewe nyamaza mpaka Jumatatu. Micheline, leta simu. Andika, na unisomee. Mimi sijui sana maandishi, lakini ninajua mutu akinidanganya.”

Aliandika. Akasoma. Mwanzoni palikuwa na mistari mitano kuhusu jinsi handball ilivyo maisha yake tangu utoto, na jinsi usingizi ulivyompotea.

“Hapa unalia,” alisema papa Hubert. “Ondoa. Coach hana kitambaa ya kukupangusa.”

Akaondoa. Akaendelea: labda nitafika kambini mwisho wa wiki ya mtihani.

“Labda ni siku gani?”

“Alhamisi, papa.”

“Basi andika Alhamisi. Saa ngapi?”

“Mutihani unaisha saa saba. Nipate pikipiki... kabla ya saa kumi.”

“Andika saa kumi. Na ile wiki ya katikati, utafanya nini? Coach hawezi kukisia, si nganga.”

Tantine Bijou, aliyekuwa amenyamaza kwa muda wa kupika wali, aliomba ruhusa ya kuongeza mvua kubwa kule Isangi. Hakupewa. Mwishowe ujumbe ukawa huu, na Micheline aliutuma kwa coach peke yake, si kwenye kundi la timu ambako kila mtu angetia neno lake:

“Bonjour coach Sylvain. Ni mimi Micheline. Papa yangu hakuvunjika muguu. Nilikuandikia uongo, na kidole chenye kilibonyeza ni changu. Pardon kwako na kwa wenzangu wenye walivuka mto.

Ukweli ni huu. Tarehe 8 siwezi kuanza kambi. Siku hiyo tunaondoa matanga ya koko Micheline, Isangi. Alikufa mwaka jana mwezi wa sita, utamukuta ndani ya daftari yako, nilikosa mazoezi mawili. Mimi niko ndoyi yake, ni mimi ninavua cheusi kwanza. Ninaondoka Alhamisi 6, ninarudi Jumatatu 10.

Exetat ni Jumatatu 17 mpaka Alhamisi 20. Picha ya horaire ya mutihani na ya fiche yangu ya kujiandikisha ziko hapa chini. Kuanzia 11 mpaka 16 ninajifunza na wenzangu wa darasa, lakini asubuhi ninaweza kuja kufanya mazoezi saa moja mpaka saa tatu, kama unakubali. Kule Isangi nitafanya programu yenye utanipa.

Alhamisi 20 mutihani unaisha saa saba. Saa kumi niko kambini.

Ninajua hii ni siku nyingi. Julie iko tayari, nilimuuliza. Ukitaka kumuita, liste haijafungwa. Ninaomba unijibu kabla ya Jumatatu saa sita, hata kama ni hapana. Micheline.”

Julie alikuwa kipa wa tatu, mwenye miaka kumi na saba, mfupi wa mikono kama watu wote wa kawaida. Kumuuliza kulimgharimu Micheline zaidi ya kuandika yote mengine. Alimpigia simu kabla ya kutuma, na Julie alimfanya aseme mara mbili kabla ya kukubali.

Coach aliusoma ujumbe. Alama mbili ziligeuka bluu. Kisha hakuna kitu. Jumamosi jioni hakuna. Jumapili watu walikwenda misa, wakarudi, wakala. Micheline aliitazama simu ile mpaka tantine Bijou akasema itapata homa. Saa tisa ikaingia sauti ya coach. Papa Hubert akaamuru isikilizwe uani, wazi.

“Micheline, bonjour. Nimesikia. Koko yako nimemukuta ndani ya daftari, tarehe iko sawa. Horaire nimeona. Sasa sikiliza na wewe. Kuja asubuhi na kurudi, hapana. Kambi si soko. Ukitoka wewe, kesho wote wako na mutihani. Jifunze mutihani yako. Julie nimemuita, ataanza kambi siku ya kwanza, ni yeye namba moja. Jina yako ninaandika kama kipa wa pili. Alhamisi saa kumi uwe kwenye mulango ya masista. Saa kumi na dakika moja, ninaenda Kinshasa na kipa mmoja, na hautaniandikia tena. Programu ninakutumia: kila siku, na video. Ungeniambia hivi Alhamisi yenye ilipita, tungeongea namna ingine, ningekuwa na siku ine za kufikiri. Sasa niko na moja. Bon. Na salimia ule kiboko.”

Papa Hubert alimrudishia simu.

“Kipa wa pili,” alisema Micheline.

“Ningeweka viboko wawili,” alisema tantine Bijou.

“Bijou!”

“Nimenyamaza.”

Alhamisi tarehe 6 walipanda mtumbwi wa mashine, yeye, baba na tantine, pamoja na mpira mmoja, madaftari ya shule na mbuzi aliyekuwa na roho ngumu kuliko nahodha. Kule Isangi Micheline alifanya programu yake kando ya mto, asubuhi kabla watu hawajaanza kumtuma. Alisimama kati ya miti miwili. Binamu zake walikaa ndani ya pirogue wakamrushia machungwa mabichi. Inasemekana walimrushia mia tatu na akashika mia tatu, na kuku wa jirani waliokuwa nyuma yake hawakuguswa hata unyoya. Video yenyewe ilionyesha mia na tisini. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya gogo la kufulia nguo, kwa hiyo kila jioni kipa wa mkoa alisimama juu ya gogo na mkono wake juu angani, na kwa mkono ule video ilifika Kisangani kabla ya kubonyezwa.

Jumamosi waliingia mtoni mpaka magotini. Watu arobaini na kitu, kila mmoja na kitambaa chake. Mama yake alimtazama. Micheline alitaka kufungua fundo kwa mkono wa kulia likakataa, maana lilikuwa limekaa mwaka mzima. Alilivuta kwa meno. Kitambaa kiliondoka na maji. Nyuma yake akasikia mafundo mengine yanafunguka, moja, moja, kisha mengi, na mama mkubwa aliyekuwa hajacheka tangu maziko akamwagia mtu maji. Hapo alijua kwamba hata kama coach angesema hapana, angekuwa amesimama palepale.

Kisha ikawa Kisangani, madaftari, wiki ya kulala na vitabu usoni. Siku nne za mtihani zilikuwa siku nne. Mtu akikuambia zilikuwa fupi, hakukaa ndani. Alhamisi alitoa karatasi yake saa saba kasoro, akavuka barabara na begi lake, akapanda toleka, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka mwisho wa lami, akapanda pikipiki, na pikipiki ilipokwama matopeni akashuka akamsaidia dereva kuisukuma, akiwa na sare ya shule. Alifika kwa masista saa tisa na nusu. Coach Sylvain alikuwa mlangoni.

“Bado nusu saa,” alisema coach.

“Ndiyo, coach.”

“Umetoka namna gani?”

“Hesabu zilinisumbua. Zingine sawa.”

“Bon. Vaa.”

Alimpa jezi namba kumi na mbili, mpya, imekunjwa bado. Uwanjani Julie alikuwa golini na namba moja. Siku kumi na mbili za kambi zilikuwa zimemfanyia kazi, hakuruka tena kabla ya mpira. Alipomuona Micheline alikuja mpaka mstarini, anavuta jezi yake tumboni.

“Yaya, dada yangu, ukitaka nitamuambia coach nikurudishie.”

Micheline aliitazama ile namba. Ilikuwa imekaa vizuri, na hilo ndilo lililomuuma.

“Mimi ndiye nilikuambia ukuje,” alisema. “Rudi golini. Mipira ya chini kushoto unachelewa.”

“Ulinionaga?”

“Nimeona mbili sasa hivi. Fungua mguu.”

Julie alirudi golini, akafungua mguu. Coach alipiga filimbi, wachezaji wakapanga mstari wa kurusha. Kazi ya kipa wa pili saa ya kurusha ni kukaa nyuma ya goli na kurudisha mipira iliyopita. Micheline alikwenda akakaa kwenye nyasi nyuma ya wavu, mikono yake magotini. Mpira wa kwanza ulipita. Akaurudisha. Wa pili ulipita. Wa tatu Julie aliushika, chini, kushoto.

“Hivyo,” alisema Micheline, na akangoja wa nne.